Shanga na unga wa balansi ndani ya tairi la lori: namna ya kuzitia, na lini uziache kwenye kopo

Hosi, kichwa cha lori la kuvuta tela, iliingia gereji asubuhi ikitoka Tunduma, matairi ya mbele 315/80R22.5, bado yana meno mazuri. Dereva alishuka na makopo mawili ya shanga za balansi mkononi. "Fundi, nikifika sabini na tano stelingi inanichezea kama nimeshika mashine ya kusaga. Nitilie hizi nigeuze." Alikuwa ameshazinunua, kwa hiyo kwake mjadala ulikuwa umekwisha. Nilimwomba saa moja kabla ya kufungua kopo, na saa hiyo ndiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu.

Hatua ya kwanza: ujue ni mtikisiko gani

Shanga, ziwe za kioo au za kauri, na ule unga wa plastiki unaofanya kazi hiyo hiyo, hutibu ugonjwa mmoja: upande mmoja wa gurudumu kuwa mzito kuliko mwingine. Basi kabla ya kutia chochote, muulize dereva mtikisiko unaanza kwenye kasi gani na unabadilikaje.

Uzito usiolingana huanza kimya. Kwenye 40 husikii kitu, kwenye 60 unahisi kidogo, kati ya 70 na 85 unakuwa mkali, kwa sababu nguvu ya kuvuta huongezeka kwa mraba wa kasi. Gurudumu lisilo la duara, au lililokaa upande kwenye habu, hujitangaza mapema zaidi: kwenye 30 au 40 tayari kichwa cha gari kinaitikia "ndiyo, ndiyo". Mtikisiko unaokuja ukikanyaga breki tu ni wa ngoma ya breki. Stelingi inayopokea pigo moja la shimo kisha ikaendelea kuyumba yenyewe inakupeleka kwenye kingpini, ncha za stelingi na shokapu. Hayo mawili ya mwisho shanga haziyagusi hata kidogo, na nimeona watu wakiyatilia kilo za shanga.

Dereva wangu alisema inaanza "hamsini hivi, halafu inazidi". Jibu hilo liko katikati, na jibu la katikati mara nyingi maana yake magonjwa ni mawili.

Hatua ya pili: jeki na kipimo

Inua ekseli ya mbele. Shika tairi juu na chini ulitikise, ili beringi na kingpini zijieleze kwanza. Kisha simamisha kitu kisichosogea mbele ya meno ya tairi. Ukiwa na saa ya kupimia, vizuri. Usipokuwa nayo, chuma kilichofungwa kwenye stendi na geji ya majani vinatosha. Zungusha gurudumu polepole, utazame pengo linavyopanuka na kupungua. Kwa tairi la mbele mimi sikubali tofauti inayozidi milimita 2.5 hivi kati ya sehemu iliyo juu kabisa na iliyo chini kabisa.

Kulia tulipata milimita 1.5. Kushoto milimita 4.

Ukipata namba kama hiyo usikimbilie kulaumu tairi. Angalia ubavuni, karibu na rimu: kuna mstari mwembamba ulioinuka kwenye mpira, unaozunguka pande zote. Umbali kati ya mstari huo na ukingo wa rimu lazima uwe sawa kila mahali. Kwa gari lile mstari ulikuwa umezama upande mmoja, na upande wa pili umetokeza wazi. Tairi halikukaa. Lilijazwa upepo likiwa limekwama, kwa kukosa kilainishi au kwa haraka, na likatembea hivyo hivyo hadi Zambia na kurudi.

Tulilitoa, tukasugua kutu kwenye kiti cha rimu, tukapaka kilainishi kizito cha kufungia matairi kwenye kingo tu, tukajaza likiwa limelala, halafu tukalimalizia upepo ndani ya kizimba. Wakati wa kurudisha kwenye habu tuliweka moja ya vile vituta vya kuegemea rimu juu kabisa, saa kumi na mbili, ili rimu ining'inie katikati kabla ya kukaza nati kwa mpangilio wa nyota. Tulipopima tena, milimita 1.3.

Mtikisiko wa 50 ukatoweka. Ukabaki mdogo, kati ya 75 na 80. Huo sasa ulikuwa wa uzito, na hapo ndipo makopo ya dereva yalipopata haki ya kufunguliwa.

Shanga zinafanyaje kazi

Nitakaa hapa kidogo, maana asiyeelewa sehemu hii atalaumu shanga mahali pasipo na kosa, au atazisifu kwa kazi ambayo hazikuifanya.

Gari likisimama, shanga zote zimelala chini kama mchele kwenye ungo. Likianza kutembea zinaporomoka na kupanda, zinaporomoka na kupanda. Kwa tairi la ukubwa huu, ikifika kasi ya kilomita 8 kwa saa hivi, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, mzunguko unazishinda na zinabandikwa kwenye ukuta wa ndani chini ya meno. Kwenye 80 kila shanga inasukumwa ukutani kwa nguvu ya karibu mara 90 ya uzito wake. Hata hivyo zinaweza kutambaa juu ya ukuta huo, kwa sababu gurudumu linatetemeka, na kila pigo linazilegeza kidogo.

Zinatambaa kwenda wapi? Kitu kilicho huru ndani ya chombo kinachozunguka hukimbilia sehemu iliyo mbali zaidi na kitovu cha mzunguko. Hilo ndilo siri yote. Gurudumu lenye upande mzito halizunguki kwenye kitovu cha habu peke yake, linajaribu kuzunguka kwenye kitovu cha uzito wake. Likizunguka kwa kasi kuliko mdundo wa asili wa springi na ekseli inayolishikilia, upande mzito hujivuta ndani, na upande mwepesi ndio unaochapa nje. Kwa hiyo ulio mbali zaidi na kitovu ni upande mwepesi. Shanga hujaa huko mpaka pande mbili zikaribiane uzito, mtetemeko ukafifia, na bila mtetemeko zikatulia.

Ukiligeuza jambo hilo utaona pale lilipo na shida. Gurudumu likizunguka polepole kuliko mdundo wa asili, upande mzito ndio unaochapa nje, na shanga hukimbilia huko huko kwenye uzito. Zinazidisha ubaya. Sasa piga hesabu: tairi la 315/80R22.5 hutembea karibu mita 3.3 kwa mzunguko mmoja, na 80 kwa saa ni mita 22 kwa sekunde, basi linazunguka kama mara 7 kwa sekunde. Ekseli ya lori, ikirukaruka juu ya springi na mpira wake, hupenda kupiga mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Kwa kuruka juu na chini pekee, lori letu kwenye kasi halali halijafika ng'ambo ya mto. Ila ekseli haichezi juu na chini tu. Inasukumwa mbele na nyuma pia, na kwenye usukani gurudumu linapinda kushoto na kulia, na kila mwelekeo una mdundo wake ulio tofauti. Ndiyo sababu shanga zile zile hutuliza gari moja vizuri kabisa na kwenye gari jingine unabaki unakuna kichwa. Anayekuambia zinafanya kazi kila mahali hajapiga hesabu hii, na anayesema ni uganga mtupu naye hajaona gari lililotulia.

Faida moja haina ubishi. Risasi ya balansi inagongwa pembeni mwa rimu, ilhali shanga hukaa chini ya meno, mbali zaidi na kitovu. Gramu 100 pale zinafanya kazi ya karibu gramu 170 za pembeni mwa rimu. Tena tairi likiendelea kulika bila usawa, risasi inabaki pale pale, lakini shanga hujipanga upya.

Hatua ya tatu: kuzitia

Mwongozo huu ni wa matairi ya tyublesi. Kwenye tairi la tyubu usizimwage kati ya tyubu na mpira, zitasaga tyubu.

Ng'oa risasi zote za zamani kwenye rimu. Ukiziacha, shanga zinaanza safari zikipigana na uzito wa mtu aliyepima tairi lingine.

Kisha kausha ndani. Hapa ndipo kazi nyingi za pwani zinapoharibikia. Kompresa inayofanya kazi Dar es Salaam au Mombasa hukusanya maji kila siku kwenye tangi lake. Fungua koki ya chini asubuhi uone yanavyotoka. Maji hayo yakipulizwa ndani ya tairi, unga hugeuka ugali na shanga hushikana kwenye mpira kama sukari iliyopigwa na unyevu. Kwa hiyo toa maji ya tangi, tumia kichujio cha kukaushia upepo kama kipo, futa ndani ya tairi kwa kitambaa kikavu, na usitumie maji ya sabuni ya kumwagamwaga kufungia. Kilainishi kizito kidogo kwenye kingo kinatosha. Tairi lililowahi kutiwa dawa ya kuziba pancha usilitilie shanga, zitanasa palepale.

Kiasi kinategemea ukubwa wa tairi, na kila kopo lina jedwali lake, lifuate hilo. Kwa matairi ya lori ya inchi 22.5, mengi huangukia kati ya gramu 280 na 350. Usiongeze "kidogo cha bahati". Wala usipunguze, kwa sababu shanga zenyewe ndizo uzito wa kusawazisha: gramu 300 haziwezi kufuta gramu 500 zilizozidi hapo hapo kwenye meno, hata zikijikusanya zote mahali pamoja.

Kama tairi limefunguliwa, zimwage ndani kabla ya kupandisha ukingo wa pili. Unga unaokuja kwenye vifuko uweke na vifuko vyake ikiwa maelezo yanasema hivyo. Vitapasuka tairi likitembea. Kama tairi tayari liko kwenye gari, toa upepo wote, ng'oa kiini cha valvu, na zipulize kupitia valvu kwa kifaa chake. Ni kazi ya subira, valvu ni tundu dogo.

Baada ya hapo usirudishe kiini cha kawaida. Weka chenye kichujio, ambacho huuzwa pamoja na shanga. Chembe moja ikikaa kwenye kiti cha kiini cha kawaida, upepo utavuja usiku kucha, na asubuhi utatafuta pancha isiyokuwepo.

Kuhusu vile vitu vingine ambavyo madereva hutia: Marekani watu wa malori walitia mipira ya gofu, wengine risasi za plastiki za bunduki za kuchezea. Kwetu nimekuta mchanga. Mpira wa gofu husagika, mchanga unasugua utando wa ndani unaozuia upepo, na maji au dawa ya rejeta hula rimu. Sina zaidi ya kusema hapo.

Hatua ya nne: jaribio la barabarani

Usipime kwenye uwanja wa gereji. Tafuta barabara ndefu, panda taratibu hadi 80 na ukae hapo dakika kumi. Dakika za mwanzo zinaweza kuwa mbaya kuliko zamani. Ni kawaida; shanga bado zinatafuta mahali. Kisha punguza hadi 40, panda tena, usikilize inachukua muda gani kutulia.

Gari letu lilitulia. Si kama maji mtungini, lakini dereva aliachia stelingi kwa kidole kimoja akacheka. Halafu tukafika kijijini.

Mahali zinapokuishia

Barabara ya Dar hadi Tunduma inapita vijiji vingi, na kila kijiji kina kibao cha 50 na matuta yake. Ukifunga breki na kuruka tuta, shanga hutawanyika. Ukitoka kijijini ukapanda tena hadi 80, kwa kilomita moja hivi stelingi inacheza, halafu inatulia, halafu kijiji kingine hicho. Kwenye barabara ndefu isiyokatika usingeligundua jambo hilo. Hapa kwetu sehemu kubwa ya safari ni ya kuanza upya.

Kasoro ya pili ni ya upande kwa upande. Tairi la mbele lina upana wa zaidi ya sentimita 30, na uzito uliozidi unaweza kuwa bega la ndani upande huu na bega la nje upande wa pili. Ukilipima likiwa limesimama linaonekana sawa kabisa, lakini likizunguka linayumba kama sahani. Mashine ya balansi huliona hilo na kukuambia gramu ngapi ndani na ngapi nje. Shanga haziwezi kupangwa hivyo; nyingi husukumwa kwenye mzingo mkubwa zaidi, yaani katikati ya meno. Ukiwa na stelingi inayotingishika kushoto na kulia badala ya kiti kinachodunda, shaka hili kwanza.

Ya tatu tuliipata baada ya miezi miwili. Dereva alirudi, mtikisiko umerudi, safari hii hautulii hata baada ya kilomita ishirini. Hiyo ndiyo dalili ya kukumbuka: unaokuja kila unapoanza na kupotea ni shanga zinazofanya kazi, usiopotea ni shanga zilizoganda au ugonjwa mwingine. Tulifungua. Ndani ya tairi la kulia kulikuwa na kitu kama kiganja cha mtoto, shanga zilizoshikana kwenye mpira, na chini yake unyevu. Njiani alikuwa ameongeza upepo mara kadhaa kwenye kompresa zisizotolewa maji. Bonge lile sasa lilikuwa lenyewe ndilo upande mzito.

Tulilikwangua, tukafuta, tukapeleka magurudumu yote mawili kwenye mashine. La kulia lilidai gramu 210 kwa jumla, nyingi zikiwa za upande wa ndani. Tukagonga risasi, na stelingi ikatulia kuanzia mita ya kwanza. Tangu siku hiyo magurudumu ya mbele nayapeleka kwenye mashine kila inapopatikana. Shanga nazitia kwenye difu na tela, kwenye matairi mapacha, ambako tairi la ndani hupati nafasi nzuri ya kulipiga risasi, tope hukaa kwenye rimu, na hakuna stelingi ya kumwambia dereva chochote.

Kuishi nazo

Ukipima upepo, zungusha gurudumu mpaka valvu iwe juu, ili shanga zilale chini mbali nayo. Puliza upepo kidogo ndani kwanza kusafisha kiini, ndipo uweke geji. Gari lenye mfumo wa kujazia upepo lenyewe likitembea, soma maelezo ya mfumo huo kabla hujatia unga wowote. Njia zake ni nyembamba.

Andika kwenye rimu kwa rangi: "ina shanga" au "ina unga". Hili ni kwa ajili ya fundi pancha wa Chalinze au Makambako atakayelifungua usiku kwa taa ya simu. Asipojua atazimwaga barabarani, na wewe utasafiri na tairi moja lenye shanga na jingine tupu. Akijua, atazikusanya kwenye karai, atazikausha na kuzirudisha. Anayekwenda kubandika kiraka lazima apanguse unga wote mahali pa kiraka kabla ya kusugua, la sivyo gundi haishiki. Wanaovisha tairi meno mapya nao watataka lije likiwa tupu.

Na mfundishe kutofautisha vumbi. Tairi lililotembea bila upepo wa kutosha hujisaga ndani ya mbavu na kuacha unga mweusi wa mpira. Hiyo ni dalili kwamba nyaya za ubavuni zimechoka na zinaweza kufunguka kama zipu wakati wa kujaza, na tairi kama hilo halirudishwi barabarani. Unga wa balansi ukichanganyika na ule mweusi, ishara inafichika. Chota kidogo, sugua kwenye karatasi nyeupe. Ukiacha alama nyeusi ya mpira, usiendelee kujaza. Pasua tairi hilo, liishie hapo hapo gereji.